Pampu ya kwenye picha

Sanduku lilishuka Masasi mchana, limefungwa kwa utepe wa gundi wa kahawia kila upande, na nilipolibeba kutoka kwenye ofisi ya basi nilishtuka lilivyokuwa jepesi. Nilikuwa nimeshawahi kubeba pampu ya kupulizia korosho, ya jirani, na ninakumbuka ilivyonivuta mabega kwenda chini kama mtu aliyeng'ang'ania shati langu. Hii haikunivuta. Nikajiambia kwamba vitu vya siku hizi vimeboreshwa. Nikapanda nalo gari la Newala, nikalipakata njia nzima, na gari lilipoanza kukwea kuelekea juu kwenye uwanda, harufu ya plastiki mpya ikanijaa puani.

Mama ndiye aliyeinunua. Aliiona kwenye kundi la wakulima la simu, kundi lenye watu wa Newala na wa Masasi, wa Chiwata, Lukuledi, Lupaso, ambamo mchana kutwa watu huulizana bei ya salfa, dawa ya mikorosho, na kutumiana dua. Kijana mmoja wa Masasi, wakala, aliweka picha humo. Zamani pembejeo zilitoka mlango mmoja tu, wa chama cha ushirika. Siku hizi anauza yeyote mwenye simu na picha. Na picha yenyewe ilikuwa nzuri kweli: pampu nyekundu imesimama kwenye majani mabichi, inang'aa, kila kifuniko mahali pake. Bei ilikuwa chini kuliko dukani. Mama aliitazama siku nyingi. Alikuwa akikaanga vitumbua na huku simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, picha iko wazi.

Alimnunulia mdogo wake, mjomba wangu. Mjomba alikuwa mpulizaji. Msimu wa maua, unga mweupe wa ugonjwa unapoanza kushika mikorosho, watu wenye mashamba na wasio na mashine walimwita yeye, naye aliamka kungali na umande, kwa sababu salfa ya unga haishiki kwenye jani kavu. Pampu aliyokuwa akitumia ilikuwa ya kuazima, na mwenye nayo alikuwa ameanza kuidai.

Kwetu mjomba ni mtu mzito. Ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada zake, posa haijibiwi bila yeye, msiba haupangwi bila yeye. Lakini neno hilo lote lina mzizi wake kwa dada. Dada akimpa kaka yake kitu mbele ya watu, kaka hakirudishi. Akikirudisha, amemwambia dada kwamba mkono wake ni mchafu. Nilikua nikiyajua haya kama ninavyojua kuvua viatu mlangoni, wala sikuwahi kufikiri kwamba yanaweza kumwua mtu.

Tulilifungua sanduku uani. Walikuwepo Mama, mjomba, na jirani yetu mmoja mzee, mtani wa mjomba wa siku nyingi, ambaye hakuna jambo la nyumbani kwetu lililompita.

"Loo," jirani alisema, "leo Mmakonde kanunuliwa gari."

"Wewe subiri," mjomba akamjibu. "Nikimaliza shamba langu nitakuja kukupulizia wewe huo ukurutu."

Mama alicheka, akasukuma karatasi kando, akaitoa pampu kwa mikono yake mwenyewe na kuisimamisha kwenye mchanga uliofagiliwa. Ilikuwa nyekundu. Kwa mbali, ilikuwa ileile.

Mimi nilikuwa na picha kwenye simu. Sijui kwa nini niliitoa. Nadhani nilitaka kuona furaha ya Mama ikiwa mara mbili, pale chini na pale kwenye kioo. Nikaikuza kwa vidole viwili. Ndipo nilipoanza kuogopa, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

Kwenye picha, jina la pampu lilikuwa limechongwa ndani ya plastiki ya tangi lenyewe. Letu lilikuwa karatasi iliyobandikwa, na pembe moja ilikuwa imeshaanza kunyanyuka. Hilo lingekuwa jambo la macho tu. Lakini kwenye picha bomba la moshi lilikuwa limevikwa ngao ya bati yenye matundu, na letu lilikuwa uchi, linatazama mgongo wa atakayebeba. Kwenye picha injini ilikaa juu ya mipira mizito ili isitikise, na yetu ilikazwa kwa nati moja kwa moja kwenye fremu. Mkanda wa kwenye picha ulikuwa na kifungo cha kubana, kile ambacho ukikibofya mzigo wote unaporomoka nyuma yako. Yetu ilikuwa mikanda iliyopitishwa kwenye pete na kufungwa fundo.

Nikafungua kifuniko cha petroli. Nilitafuta kwa kucha ule mpira wa ndani unaozuia mafuta. Haukuwepo. Plastiki juu ya plastiki.

"Njomba," nilisema kwa sauti ya chini. "Hiki hakina mpira."

Mjomba alikitazama kifuniko, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama dada yake, aliyekuwa akipangusa vumbi la sanduku kwenye fremu ya pampu kwa ncha ya khanga.

"Nimeona," alisema. Na sauti yake ilikuwa na mlango, na mlango ukafungwa.

Nikamwendea Mama. Nilimwonyesha picha, nikamwonyesha pampu, nikaonyesha ngao, mpira, mkanda. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe umebeba pampu lini?" aliuliza. "Picha ni picha. Hata mimi kwenye picha ya kitambulisho sifanani."

Jirani alicheka. Mama hakucheka. Akamwambia mjomba aijaribu.

Ili wasipoteze mafuta walitia petroli kidogo mno, iliyochanganywa na oili, tone la kulowesha tangi. Mjomba alivuta kamba, injini ikakohoa, ikashika, ikapiga kelele ua mzima na kuku wakakimbia. Alisukuma kitufe cha kuzimia, ikazima. "Haya," Mama akasema, "mnataka nini tena?" Hatukujua, hakuna aliyejua, kwamba mafuta yalikuwa yameisha wakati uleule kidole kilipogusa kitufe. Na hatukufikiri kwamba pampu iliyosimama wima uani haiwezi kumwaga kitu. Uani hakuna matawi ya kumwinamisha mtu.

Jioni nilikaa nyuma ya nyumba, mahali mtandao unaposhika. Niliweka picha ya wakala upande mmoja na picha nilizopiga upande wa pili. Nikaandika kwenye lile kundi la wakulima. Niliandika kwamba hii ndiyo iliyotangazwa na hii ndiyo iliyofika. Angalieni jina, hapa limechongwa na hapa limebandikwa. Angalieni bomba la moshi, hapa lina ngao na hapa halina. Kifuniko cha petroli hakina mpira, kikiinama kitavuja. Mkanda hauna kifungo cha kufyatua, mtu akiungua hawezi kuutua haraka. Kwa mnaopanga kununua, msinunue. Kwa mlionunua, msiwashe kabla hamjatazama. Sikutaja jina la Mama. Niliandika "sisi."

Nilibonyeza kutuma.

Kisha mmoja akauliza kama ni ile nyekundu. Mwingine akasema watoto wa mjini wanapenda kuharibu biashara za wenzao. Mwanamke mmoja wa upande wa Chiwata akaandika tu, "Yangu pia ina fundo." Kisha simu ikaita. Alikuwa wakala.

"Bosi wangu, shikamoo," alianza, ijapokuwa tulikuwa rika moja. "Futa hicho ulichoandika."

"Nimeandika uongo wapi?"

"Sijasema uongo. Nimesema futa. Wewe unajua kuchafua jina la mtu mtandaoni ni kesi? Unajua kuna watu wako ndani kwa maneno madogo kuliko hayo? Nina ndugu kituoni. Kesho asubuhi nakuja na mtu. Nyumba ya mama yako naijua."

Akakata. Sikuogopa kesi peke yake. Niliogopa kumwona Mama akiitwa mbele ya watu aeleze kwa nini mwanawe amemtukana mfanyabiashara kwa kitu alichokinunua mwenyewe. Niliogopa zaidi asubuhi. Mambo mawili yalikuwa yanakuja pamoja, pikipiki kutoka Masasi na umande wa alfajiri, na sikujua lipi litafika kwanza.

Sikufuta. Sikulala pia, lakini hilo si la kusimulia.

Alfajiri nilimkuta mjomba anachanganya mafuta kwenye chupa. Nilimwambia yote, kesi, kifuniko, mkanda. Nilimsihi aende akaazime ile ya zamani. Alikaza kizibo cha chupa.

"Njomba," aliniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo, "dada yangu kanibebea sanduku hili moyoni msimu mzima. Nikisema siitaki, atanyamaza. Unamjua akinyamaza. Nitapuliza miti michache tu mbele yake, halafu nitasema kiuno kinaniuma."

Huo ndio ulikuwa mpango wake. Alikuwa ameona kila nilichokiona. Alikwenda kuubeba moto mgongoni kwa adabu.

Mama alikuja shambani nasi, jambo asilolifanya mara kwa mara. Alikuja kuitazama pampu yake ikifanya kazi. Alikuwa amevaa khanga mpya. Mikorosho ilikuwa imesimama na maua yake, ukungu umetanda chini, majani yamelowa kabisa. Mjomba aliiwasha ikiwa chini, mimi nikamsaidia kuipandisha mgongoni, na nikafunga yale mafundo kwa vidole vyangu mwenyewe kwa sababu hayakuwa na namna nyingine ya kufungwa. Vumbi la njano la salfa likatoka kwenye bomba la kupulizia, likapanda kwenye matawi, likakaa. Mama aliziba pua kwa khanga na nyuma ya khanga nilijua anatabasamu.

Mti wa kwanza ulikuwa mrefu. Wa pili matawi yake yaligusa ardhi, kama yalivyo matawi ya mikorosho ya zamani, na ili kuingia ndani ilimbidi mjomba ainame, karibu apige magoti. Akainama. Akaingia. Tukawa tunasikia injini tu, na vumbi linapenya juu kwenye majani kama moshi wa nyumba.

Alipotoka upande wa pili shati lake lilikuwa limebadilika rangi kuanzia kiunoni.

Nilidhani ni umande. Mama ndiye aliyenusa. Alishusha khanga usoni, akanyanyua pua, na nikaona macho yake yanakwenda kwenye shati, kisha kwenye bomba la moshi lisilo na ngao, linalotetemeka hapo karibu, jekundu kidogo kwenye shingo yake.

"Zima!" alipiga kelele. "Kaka, zima! Zima!"

Mjomba alisukuma kitufe. Injini iliendelea. Alisukuma tena, akakirudisha, akakisukuma, na injini iliendelea kunguruma vilevile, haina habari. Niliona uso wake ukielewa. Alipeleka mkono nyuma kutafuta koki ya mafuta, akaipata, akaifunga, lakini injini ina mafuta mengine tumboni, na hayo lazima iyanywe kwanza. Mafuta yalikuwa yanamtiririka kwenye paja. Salfa ilikuwa imejaa kwenye tangi la juu, na salfa nayo huwaka.

Nilishika fundo. Lilikuwa limelowa, limekaza. Vidole vyangu viliteleza. Nilisikia mtu analia kwa sauti nyembamba na nikatambua ni mimi.

"Simama," Mama alisema, si kwangu. "Simama hivyo hivyo, kaka. Usiiname. Usiiname."

Alichukua panga la kupalilia lililokuwa chini ya mti. Alilipitisha panga kati ya mkanda na kifua cha mdogo wake, makali yakitazama nje, na akavuta. Mkanda ule ulikuwa wa bei nafuu. Ulikatika kama uzi wa gunia. Wa pili ukakatika. Pampu ikaanguka nyuma kwenye mchanga, ikiwa bado inaunguruma, ikijizungusha kidogo, ikitema unga wa njano kwenye nyasi. Tulirudi nyuma sote watatu, tukimvuta mjomba mikono. Iliendelea muda ambao siwezi kuupima. Kisha ikakohoa, ikazima yenyewe, na tukasikia ndege.

Haikuwaka. Ninaandika hili kwa herufi za kawaida lakini bado siamini. Haikuwaka.

Mama alimvua mdogo wake shati palepale shambani, jambo ambalo dada mkubwa hafanyi kwa mwanamume mzima, akamwagia maji yetu yote ya kunywa mgongoni, na huku anamwagia anamtukana. Mjinga wewe. Uliona. Uliona ukanyamaza. Ungekufa kwa kuniogopa mimi? Mjomba alisimama ameinamisha kichwa kama mtoto anayeogeshwa. Ngozi ya kiunoni ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu.

"Wewe ndiwe uliyenunua," alisema.

"Na mimi ndiye niliyenunua," Mama akajibu. "Kwa hiyo mwenye kusema haifai ni mimi."

Tulipofika nyumbani pikipiki ilikuwa uani.

Lakini wakala alikuja peke yake, hakuna wa kituoni, na alikuwa kijana mdogo kuliko sauti yake, mwenye koti la mvua lililojaa mchanga. Jirani yetu mzee alikuwa amemketisha kwenye kigoda na kukaa kumlinda.

"Nimemshika mgeni wenu," jirani alisema. "Anadai mtoto wenu kamtukana. Nikamwambia kwa utukufu alionao, hata mimi ningemtukana."

"Shikamoo, mama," wakala alianza. "Nimekuja kwa heri. Naomba tu kijana afute—"

Mjomba alipita katikati yetu bila shati, akamgeuzia mgongo. Wakala aliona. Harufu ya petroli ikamfikia.

"Marahaba," Mama alisema kwa kuchelewa. "Hiyo picha ulipiga wewe?"

"Hapana, mama. Nilitumiwa. Nami nimetumiwa na mwingine huko Dar. Mimi mwenyewe pampu sijawahi hata kuifungua, inatoka Dar na sanduku, mteja anaichukua na sanduku."

"Umetuma kwa wangapi?"

Alianza kuhesabu kwa vidole.

Mama alinyoosha mkono kwangu, akataka simu. Akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akaiweka karibu na mdomo kama mtu anayetaka kuiuma. Aliwaambia kundi zima kwamba yeye ni mama yake fulani wa Newala, kwamba pampu ile aliinunua yeye kwa fedha yake na kwa macho yake, kwamba mwanawe aliyoyaandika jana ni kweli na amesahau moja: kitufe cha kuzimia hakizimi. Wameitazama ilipozima, na waya wake haujashikwa popote. "Mdogo wangu amebeba petroli mgongoni leo kwa sababu mimi nilipenda picha," alisema. "Msiwashe. Aliyewasha azime kwa koki na aitue."

Akarudisha simu, lakini alimpa wakala, si mimi. Kisha akagundua, akacheka kwa hasira, akanyang'anya.

"Sasa toa ya kwako," alimwambia. "Piga. Mmoja mmoja. Si kila mkulima anashinda kwenye kundi."

Na yule kijana aliyenitishia jela akakaa kwenye mkeka wetu akapiga. Aliweka sauti ya wazi kwa sababu Mama alimwamuru. Yule mwanamke wa Chiwata alisema wamesoma ujumbe wangu tangu jana. Mume wake alibisha, basi mwanamke akang'oa plagi ya injini usiku na kuificha kwenye unga wa muhogo. Mzee wa Lukuledi alisema yake haijatoka kwenye sanduku, akauliza arudishiwe chake lini, na wakala akasema ndiyo, ndiyo mzee, atarudishiwa. Alipiga na kupiga. Kila aliyepokea, Mama alishusha pumzi.

Wa Lupaso hakupokea. Wakala alipiga tena. Mara ya tatu akapokea mke.

"Yuko shamba," alisema. "Simu kaiacha. Kaondoka na mashine alfajiri."

Mjomba, aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye kivuli, alinyanyua kichwa.

"Mikorosho yenu mirefu au mifupi?" aliuliza kwa sauti kubwa ili isikike kwenye simu.

"Ya zamani," mwanamke alisema, akishangaa. "Imelala chini."

"Shamba liko mbali na hapo ulipo?" wakala aliuliza.

"Si mbali."

"Mama, kimbia. Nakuomba. Usikate simu, kimbia nayo."

Tulisikia mlango, tulisikia ndala, kisha ndala zikaachwa na tukasikia miguu mitupu kwenye majani makavu. Alikuwa anahema. Mtandao ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi. Wakala alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili na midomo yake inatembea. Mama alikuwa amesimama, khanga mpya imejaa salfa, ameshika panga ambalo hakuwa amelitua tangu shambani.

Kisha tukaisikia injini. Mbali, ndogo, ileile. Halafu sauti ya mwanamke akiita jina la mume wake, akiliita tena na tena, na injini ikizidi kuwa kubwa kadiri alivyosogea. Kukawa na kelele za watu wawili tusizozielewa. Injini ikaendelea. Ikaendelea. Ikazima.

"Hallo?" wakala alisema. "Mama? Hallo?"

Mwanamke alikuwa bado anahema.

"Amekasirika," alisema mwishowe. "Anasema nimemharibia umande. Lakini ameitua."